Mbwa aliyejifunza mfuko: kisa cha mnusaji wa meno ya tembo bandarini

Asubuhi ya tathmini, mtathmini kutoka nje ya kikosi alificha vipande sita vya meno ya tembo katika ghala la bandari moja ya mwambao wa Tanzania. Nuru, mbwa wetu wa kunusa, alivipata viwili tu. Kibaya zaidi, mara tatu alikaa kitako mbele ya mizigo isiyokuwa na kitu, na kukaa kitako ndiyo ishara yake ya kusema "ipo hapa". Daftari letu la mazoezi la miezi minne iliyotangulia halikuonyesha dalili yoyote ya hali hiyo. Karibu kila siku alikuwa amepata kila tulichoficha. Daftari lile niliandika mimi, kwa mkono wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa mkufunzi wake.

Naeleza hapa jinsi tulivyokitafuta chanzo, kwa sababu kosa tulilofanya linajificha vizuri. Mbwa anaonekana hodari, koplo anayemwongoza anaridhika, daftari linapendeza, na wakati huohuo mbwa hatafuti kile mnachodhani anatafuta.

Nuru ni mbwa jike wa aina ya spanieli, wakati huo akiwa na miaka mitatu. Tulimchagua alipokuwa na mwaka na miezi michache, na kwenye kuchagua hatuanzii puani. Pua kila mbwa anayo: seli zake za kupokea harufu huhesabiwa kwa mamia ya milioni, na zetu ni milioni chache tu. Tunachokitafuta ni hamu ya kusaka. Unamshika mbwa mabegani, mwenzako anarusha mpira kwenye majani marefu, unamzungusha mara mbili tatu apoteze mahali ulipoangukia, kisha unamwachia. Mbwa wengi wanatafuta kwa dakika moja, halafu wanakuja kukutazama usoni wakiomba msaada. Hao tunawaacha. Nuru hakugeuka. Alisaka akitumia pua, akaenda mpaka ukingoni mwa majani, akarudi upande wa chini ya upepo, na alipoupata ule mpira hakutaka kuuachia. Baada ya hapo tulimpitisha kwenye sakafu ya marumaru inayoteleza, ngazi za chuma zenye matundu, chumba cha giza na kelele za foklifti. Mbwa mwenye hamu kubwa lakini anayetetemeka kwenye ngazi za chuma hawezi kufanya kazi bandarini.

Umbo lake dogo nalo lilitufaa. Anapita kati ya paleti, na watu hawamkimbii kama wanavyomkimbia mbwa mkubwa wa polisi. Mwambao watu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi, kwa hiyo mbwa anayeparua au kulamba mzigo wa mtu ni udhia kwa mwenye mzigo na ni aibu kwetu. Ndiyo maana tunafundisha ishara ya kimya: akae, aelekeze pua mahali harufu inapotoka, asiguse kitu.

Sasa, anafundishwaje hiyo harufu? Unapanga makopo sita kwa mstari. Moja lina kipande cha jino la tembo, mengine hayana. Mbwa anapita akinusa, na anapofika kwenye lile moja akasita hata nusu sekunde, klika, kidude cha mkononi kinachotoa mlio mfupi, inalia na mpira unaangukia pale pale. Baada ya siku chache unachelewesha malipo mpaka akae. Kwake jino la tembo halina thamani yoyote isipokuwa linaleta mpira. Lakini angalia hapa: hakuna wakati wowote ambapo tunamwambia ni harufu ipi. Tunamlipa tu, na yeye mwenyewe ndiye anayejitafutia ni kitu gani kilichomo kwenye kopo lenye malipo na hakimo kwenye makopo mengine. Akipata jibu rahisi kuliko lile tulilolikusudia, atalichukua hilo.

Baada ya matokeo yale tulimtoa Nuru kazini siku hiyohiyo. Koplo aliumia sana. "Mwalimu, mbwa wangu si mbaya," aliniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikamjibu, "Mwanangu, sisemi ni mbaya. Nataka kujua tumemfundisha nini."

Tulianza na afya kwa sababu ndiyo rahisi kuithibitisha. Mbwa wa kazi huku kwetu anaumwa na kupe na mbung'o, na homa ya kupe huanza kumdhoofisha kabla hujaona dalili nyingine yoyote. Ugonjwa wa ndorobo unaoletwa na mbung'o nao unaweza kumuua. Mbwa mwenye homa hutweta, na anayetweta anavuta hewa nyingi kwa mdomo, kwa hiyo ananusa kidogo. Daktari wa mifugo alichukua damu, akaangalia slaidi, akapima joto, akachungulia meno na matundu ya pua. Nuru alikuwa mzima. Na tathmini ilifanyika saa 12 na nusu asubuhi, kabla ghala halijapata joto. Tukaliweka hilo kando.

Jambo la pili lilinihusu mimi na koplo. Siku zote mimi ndiye nilikuwa ninaficha sampuli, halafu ninamwambia koplo zipo wapi "ili amlipe kwa wakati". Sababu hiyo ilionekana nzuri, maana klika ikichelewa mbwa hajui analipwa kwa lipi. Lakini ilimaanisha kwamba katika miezi minne Nuru hakuwahi kutafuta akiwa na mtu asiyejua jibu.

Tukafanya raundi 10 koplo akiwa anajua. Nuru hakukosa hata moja. Kesho yake tukafanya nyingine 10 kwa utaratibu tofauti: mwenzetu mmoja alipanga makopo peke yake, akaandika kwenye karatasi, akaondoka kabisa kabla sisi hatujaingia. Katika raundi 4 hakuweka sampuli yoyote, nasi hatukujua ni zipi. Safari hii Nuru alikosea raundi 3. Katika raundi mbili zisizo na kitu alikaa kwenye kopo tupu, na katika raundi moja yenye sampuli aliipita.

Nilikuwa nimemwomba mwenzetu mwingine arekodi kwa simu siku zote mbili, akiwa amesimama pembeni. Jioni tulikaa na koplo tukaangalia. Siku ya kwanza, kila mbwa anapokaribia kopo lenye sampuli, mguu wa kushoto wa koplo unachelewa. Si kusimama, ni kuchelewa tu, kama mtu anayekanyaga mahali penye maji. Kamba inalegea kidogo, bega linageuka, na sikio la Nuru linarudi nyuma kumsikiliza. Halafu anakaa. Koplo aliirudia ile video mara nne bila kusema neno.

Jambo hili linajulikana. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walichapisha jaribio walilofanya na timu 18 za mbwa wa kunusa dawa za kulevya na milipuko. Waongozaji waliambiwa kwamba huenda kuna harufu iliyofichwa, na kwamba mahali pengine pamewekwa alama ya karatasi nyekundu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na harufu yoyote mahali popote. Katika misako 144, ni 21 tu iliyoisha bila mwongozaji kuripoti kwamba mbwa wake amegundua kitu. Wale hawakuwa watu wazembe. Mtu akiamini kitu kipo, mwili wake unakisema. Pengine mbwa anausoma mwili huo, pengine mtu mwenyewe ndiye anayeona ishara mahali ambapo haipo.

Ningeweza kuishia hapo na kusema tumepata chanzo. Lakini hesabu haikukaa sawa. Katika zile raundi ambazo koplo hakujua, sita zilikuwa na sampuli na Nuru alipata tano. Kwa mtathmini alipata mbili kati ya sita. Kama tatizo lote lingekuwa mguu wa koplo, basi asiyejua ni asiyejua, iwe kwetu au kwa mtathmini. Palikuwa na tofauti nyingine, na hiyo ilikuwa kati ya sampuli zetu na sampuli zake.

Nikamwomba mtathmini karatasi yake. Alikuwa mtu makini, ameandika kila kitu: mahali, urefu kutoka sakafuni, muda wa kuficha, na namna kila kipande kilivyofungwa. Vipande vinne alikuwa amekuja navyo mwenyewe, vikawekwa kwenye mizigo vikiwa wazi au kwenye kitambaa cha pamba. Viwili vya mwisho vilikuwa ndani ya mifuko ya nailoni yenye zipu, ambayo alikuwa ameichukua stoo kwetu asubuhi ileile. Hivyo viwili ndivyo alivyovipata Nuru.

Tukarudi kwenye ishara tatu za uongo. Maboksi mawili kati ya matatu yalikuwa na vipuri vya pikipiki, na kila kipuri kilikuwa ndani ya mfuko mpya wa zipu. Pale pa tatu hapakuwa na mfuko. Ni mahali ambapo koplo alikuwa ameinama kufunga kiatu.

Ili kuwa na hakika tulifanya jaribio moja zaidi, na hili lilikuwa dogo na la wazi kuliko yote. Tuliweka mitungi minane bila jino la tembo hata chembe. Ndani tuliweka mfuko mpya wa zipu, glavu mpya, glavu iliyotumika stoo, selotepu, kipande cha tofali, kipande cha mninga, mfupa wa ng'ombe, na mtungi mmoja mtupu. Tukabadilisha mpangilio mara sita, na aliyepanga akaondoka kila mara. Mara zote sita Nuru alikaa mbele ya mfuko. Mara mbili alikaa pia mbele ya glavu iliyotumika.

Chanzo kikawa kimejitokeza peke yake. Jino la tembo ni nyara ya serikali. Kila kipande cha mafunzo kina kibali, kinapimwa uzito, kinasainiwa kutoka na kusainiwa kurudi. Mtunza stoo wetu, kwa uadilifu wake, aliweka kila kipande ndani ya mfuko wa zipu wenye namba, akavishika kwa glavu, na vikatunzwa humo miezi yote. Sampuli tupu, yaani matofali na vibao tulivyoweka kwenye makopo mengine, tuliviokota uani kwa mikono mitupu, wala havikuwahi kuwekwa kwenye mfuko. Kwa mbwa, kopo lenye malipo lilikuwa na harufu ya jino la tembo, ya nailoni, ya mpira wa glavu na ya mkono wa mtunza stoo. Makopo mengine hayakuwa na hata moja kati ya hizo. Harufu ya jino la tembo kavu la siku nyingi ni hafifu, ila ya nailoni mpya ni kali na ni ileile kila siku. Nuru alichagua iliyo kali. Sisi ndio tulioandika swali vibaya, na yeye akalijibu sawasawa.

Palikuwa na kasoro nyingine pia, ambayo nisingeigundua bila karatasi ya mtathmini. Vipande vyetu vitatu vyote vilikuwa vidogo, kikubwa kikiwa na gramu 60, na vyote vilitoka kwenye jino moja. Mtathmini alikuwa ameficha jino zima la kilo 9 nyuma ya magunia. Kwenye video ya ghalani unamwona Nuru anafika pale, mkia unaenda kasi, pua inapanda na kushuka, anazunguka magunia mara tatu, kisha anaondoka. Harufu ya mzigo mkubwa hutoka pande zote kwa wingi, na mbwa aliyezoea kufuata uzi mwembamba mpaka kwenye kitundu kimoja hajui akae wapi. Watu wengi hudhani mzigo mkubwa ndio rahisi. Kwa mbwa ambaye hajauzoea, unaweza kuwa mgumu zaidi.

Kurekebisha kulichukua majuma tisa, na Nuru hakwenda kazini katika muda huo wote. Kwanza tulibadilisha stoo. Mitungi ya kioo yenye vifuniko vya chuma, iliyochemshwa na kukaushwa kwenye oveni, ikachukua nafasi ya mifuko. Sampuli tupu zikaanza kupita njia ileile hatua kwa hatua: mtungi uleule, kabati la pili lakini lenye hali ileile, glavu za boksi lilelile, mtu yuleyule. Kila kilichogusa jino kiliguswa pia na tofali. Kwa kibali tulipata vipande vingine kutoka ghala la nyara, vya meno tofauti, vikavu na visivyo vikavu, vilivyochongwa na vya asili, na mara moja moja jino zima.

Halafu tukaanza kumfuta mfuko. Hatukumkemea. Mbwa wa kunusa akikemewa kwa kukaa mahali pasipofaa, anaanza kuogopa kukaa mahali popote, na hapo umempoteza. Tulichofanya ni kutomlipa. Kila mstari wa mitungi ulikuwa na mfuko, glavu, selotepu, hata mpira wa tenisi, kwa sababu anayeficha sampuli mara nyingi ana mpira mfukoni na mikono yake inaunukia. Akikaa mbele ya mfuko, hakuna klika, hakuna neno, hakuna anayesogea.

Siku ya pili ya zoezi hilo sitaisahau. Alifika kwenye mtungi wa mfuko, akakaa vizuri kama alivyofundishwa, kifua mbele. Kimya. Akanitazama. Akarudisha pua kwenye mtungi, akavuta hewa kwa nguvu mpaka nikaisikia, akakaa tena, safari hii karibu zaidi, mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani. Nilihesabu moyoni mpaka 11. Halafu akatoa sauti ndogo ya kulalamika, akainuka, akaenda kwenye mtungi wa tano, na pua ilipofika pale shingo yote ikageuka kabla miguu haijafika. Lilikuwa jino. Akakaa, klika ikalia, na mpira ukaja. Koplo akainama akamkumbatia mpaka mpira ukamtoka mdomoni.

Suala la koplo tulilitatua kwa kumwondoa kwenye siri. Mtu wa tatu anayejua jibu alikaa nyuma ya pazia akiangalia kwa simu iliyowekwa kwenye stendi. Koplo akiinua mkono kusema mbwa amekaa, yule anajibu kwa redio "ndiyo" au "endelea". Klika inachelewa kidogo, kwa hiyo tulimzoesha Nuru kukaa na kungoja sekunde 5, baadaye 10. Na karibu theluthi ya misako haikuwa na kitu kabisa, ili koplo ajifunze kutoka ghalani akisema "hakuna" bila kuona haya.

Hapo kuna ugumu ambao bado tunao. Kazini halisi hakuna wa kusema ndiyo. Nuru akikaa mbele ya kontena, forodha inaweza kuchukua saa mbili kulifungua, na huwezi kumlipa mbwa kwa jambo usilolijua. Ukimlipa na kontena likawa na viazi, umemfundisha viazi. Kwa hiyo kila zamu mwenzetu anaficha sampuli moja au mbili katikati ya mizigo ya kweli, bila koplo kujua wapi, ili Nuru apate malipo yake na asichoke. Kontena lililofungwa vizuri ni kikwazo kingine, maana harufu haitoki ya kutosha. Katika bandari ya Mombasa ilijaribiwa njia ya kuvuta hewa ya kontena kwa pampu ipite kwenye kichujio, kisha mbwa ananusishwa kichujio mahali patulivu. Sisi bado tunategemea kupitisha mbwa kwenye matundu ya hewa na sehemu za milango, upande ambao upepo unaelekea.

Tathmini ya pili ilifanywa na mtathmini yuleyule, na safari hii alileta mifuko ya zipu mingi kwa makusudi, mingi ikiwa mitupu. Nuru alipata vipande vitano kati ya sita, jino zima likiwemo, na hakukaa mahali pasipo na kitu hata mara moja. Alichokosa kilikuwa juu ya paleti nne zilizopandana, na wakati huo ilikuwa saa 5 na bati lilishaanza kuwaka. Hewa ya moto ilikuwa inapanda na harufu ikapanda nayo mpaka darini. Kwenye video anasimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, kisha anashuka. Koplo aliona, ila hakujua la kufanya. Sasa anajua: anaandika mahali hapo na kurudi hapo kesho yake alfajiri, hewa ikiwa imetulia.

Daftari la mazoezi nalo tumelibadilisha. Zamani lilikuwa na safu za tarehe, mahali, sampuli na matokeo. Tumeongeza mbili: kipande kilifungwa kwa kitu gani, na nani alijua kilipo. Nikilifungua siku hizi ninaanza na hiyo ya mwisho, na ukurasa wenye jina la koplo kwenye safu hiyo siuhesabu.